Mistari 1,900 kwa Mkupuo Mmoja

Katika timu nyingi za programu, msimbo mpya hauingii kwenye mfumo mpaka mwenzako ausome. Mwandishi huutuma kama ombi, ambalo kwenye GitHub huitwa `Pull request`, na mkaguzi huamua uingie au urudi. Mwongozo wa wahandisi wa Google unasema mistari 100 kwa kawaida ni kiasi kizuri, na 1,000 kwa kawaida imezidi. Ila idadi peke yake hudanganya.

Tuseme duka la mtandaoni linaongeza risiti za malipo ya simu, na ombi lina mistari 1,900. Mkaguzi hutazama kwanza imekaa wapi:

```
git diff --stat main...risiti
```

Anakuta 1,100 imo kwenye `package-lock.json`, faili linalojiandika lenyewe. Mistari 450 ni jina `mteja` kugeuzwa `mnunuzi`, na 60 inaongeza safu kwenye hifadhidata. Risiti zenyewe ni 290 tu.

Ombi lingekuwa la kubadili jina pekee, hata mistari 3,000, ningeliacha: ni jambo moja. Hapa kuna mambo matatu, na katikati ya majina yale 450 mstari mmoja uliogusa hesabu ya makato utapita bila kuonekana. Dalili ya mkaguzi aliyechoka ni rahisi kuiona: maoni yamejaa kwenye faili tatu za mwanzo, kisha kimya, kisha amekubali.

Swali la kuamulia ni hili: kila kipande kikiingia peke yake, duka litaendelea kuuza? Safu mpya, ikiruhusiwa kuwa tupu, haiusumbui msimbo wa zamani, kwa hiyo itangulie. Jina lifuate, risiti zije mwisho. Penye kipande kisichoweza kusimama peke yake, usikate.

Mwandishi aambiwe mapema, kabla hujaandika maoni hata kwenye mstari mmoja. Kumwambia "hili ni kubwa mno" kunamwacha gizani. Mwonyeshe pa kukatia:

"Dada, kazi ya risiti nimeielewa na mpangilio wake sina shida nao. Naomba safu ya hifadhidata na mabadiliko ya jina vije kama maombi mawili ya mwanzo, ili hesabu ya malipo niisome kwa utulivu. Hayo mawili nitayapitia leo leo. Ukitaka tukate pamoja, niite."

Ahadi ya "leo leo" ina uzito, maana kinachomkera mwandishi zaidi ni kusubiri mara tatu. Na kama mmeshajibizana raundi mbili, umechelewa. Kaeni pamoja mlisome lote.

Ugumu wa kukata uko kwenye faili ambamo jina na risiti vimechanganyika. Hapo kunakili faili zima kwenda tawi jipya hakusaidii. Mwandishi, akiwa kwenye tawi jipya, atumie `git checkout -p risiti`, inayomwonyesha mabadiliko fungu kwa fungu, achague lipi liingie sasa na lipi lisubiri.