Kutafuta kwa Nusu na Kauli Isiyovunjika

Kutafuta kwa nusu ni njia ya kupata namba katika orodha iliyokwisha kupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Hutazamwa kwanza namba ya katikati. Ikiwa ndiyo inayotakiwa, kazi imekwisha. Ikiwa ni ndogo kuliko inayotakiwa, nusu yote ya kushoto hutupwa. Ikiwa ni kubwa, hutupwa nusu ya kulia, kisha kilichobaki hugawanywa vivyo hivyo. Orodha ya namba milioni moja humalizwa kwa hatua zisizozidi 20.

Maelezo ni mepesi kuliko programu yenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, Mmarekani Jon Bentley alisimulia jinsi alivyowapa kazi hiyo watunzi wa programu wenye uzoefu, akawaachia muda wa kutosha, na wengi mno, karibu tisa katika kila kumi, wakaona makosa katika walichoandika. Mara nyingi kosa huwa ni dogo, la nafasi moja tu mbele au nyuma, na ndiyo maana macho hulipita. Programu ifuatayo, kwa lugha ya Python, haina kosa hilo:

```
lo = 0
hi = n - 1
while lo <= hi:
    mid = (lo + hi) // 2
    if a[mid] == x:
        return mid
    if a[mid] < x:
        lo = mid + 1
    else:
        hi = mid - 1
return -1
```

Orodha inaitwa `a`, ina namba `n`, na nafasi zake huhesabiwa kuanzia 0. Inayotafutwa ni `x`. Jibu la `-1` maana yake ni kwamba `x` haimo.

Yawezaje kujulikana kwamba haina kosa? Kuijaribu kwa orodha kumi au elfu moja hakutoshi, kwa kuwa orodha zinazowezekana hazihesabiki. Njia iliyoimarishwa na Robert Floyd mwaka 1967 na Tony Hoare mwaka 1969 ni kutafuta kauli moja inayobaki kweli kila kitanzi kinapoanza mzunguko, hata kama thamani za `lo` na `hi` zinabadilika. Hapa itaitwa kauli thabiti. Kwa programu hii kauli yenyewe ni hii: kila namba iliyo kushoto kwa `lo` ni ndogo kuliko `x`, na kila namba iliyo kulia kwa `hi` ni kubwa kuliko `x`. Kwa maneno mengine, kilichotupwa kilistahili kutupwa.

Kwanza huulizwa kama kauli ni kweli kabla kitanzi hakijaanza. Wakati huo `lo` ni 0 na `hi` ni nafasi ya mwisho. Kushoto kwa 0 hakuna namba, wala kulia kwa nafasi ya mwisho, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuivunja kauli. Jibu hilo huonekana kama hila, lakini ni halali kabisa.

Kisha huulizwa kama mzunguko mmoja unaweza kuiharibu. Tuseme kauli ni kweli mwanzoni mwa mzunguko, na `a[mid]` ni ndogo kuliko `x`. Kwa kuwa orodha imepangwa, zote zilizo kushoto kwa `mid` hazizidi `a[mid]`, hivyo nazo ni ndogo kuliko `x`. Kuisogeza `lo` hadi `mid + 1` kunaacha kushoto kwake namba ndogo tupu. Upande wa `hi` hoja ni ileile ikigeuzwa. Hapa ndipo mahali pekee ambapo upangaji wa orodha unatumika. Orodha ikiwa imevurugika, hoja hii inakatika papo hapo, na programu inaweza kusema namba haimo ilhali imo.

Mwisho huulizwa kauli inasema nini kitanzi kinapokoma. Kama kilikoma kwa kuiona `x`, hakuna mjadala. Kama kilikoma kwa sababu `lo` imeipita `hi`, basi kila nafasi ya orodha iko kushoto kwa `lo` au kulia kwa `hi`. Kila namba, basi, ni ndogo au kubwa kuliko `x`, na hakuna iliyo sawa nayo. Jibu la `-1` ni la haki.

Chukua orodha ya namba nane: 3, 7, 12, 19, 24, 31, 45, 58. Inatafutwa 50. Mwanzoni `lo` ni 0 na `hi` ni 7. Katikati ni nafasi ya 3, yenye 19, nayo ni ndogo, kwa hiyo `lo` inakuwa 4. Nafasi ya 5 ina 31, `lo` inakuwa 6. Nafasi ya 6 ina 45, `lo` inakuwa 7. Nafasi ya 7 ina 58, nayo ni kubwa, kwa hiyo `hi` inarudi 6. Sasa `lo` imeipita `hi`: kushoto kwa 7 ziko zote kuanzia 3 hadi 45, kulia kwa 6 iko 58, na 50 haina pa kujificha.

Kauli hiyo huonyesha pia kosa liko wapi. Mtu akiandika `lo < hi` badala ya `lo <= hi`, kauli yenyewe haivunjiki. Kinachoharibika ni hitimisho. Kitanzi kinakoma `lo` ikiwa sawa na `hi`, na nafasi moja inabaki haijaguswa. Katika orodha ile, 58 ingetafutwa hadi `lo` na `hi` zote ziwe 7, kisha programu ingetangaza kwamba haimo.

Akiandika `lo = mid` bila kuongeza moja, kauli bado ni kweli, ila kazi haimaliziki. Kutafuta 50 kungefika `lo` ikiwa 6 na `hi` 7. Katikati yake ni 6, `lo` inabaki 6, na mzunguko unajirudia milele. Kwa sababu hiyo uthibitisho hudai jambo moja zaidi: idadi ya nafasi zilizobaki, yaani `hi - lo + 1`, lazima ipungue kila mzunguko. Katika programu sahihi inapungua daima, kwa kuwa `mid` yenyewe hutupwa.

Uthibitisho huu una sharti lililojificha: `lo + hi` ihesabiwe sawasawa. Katika Python sharti hilo hutimia, kwani namba kamili hazina kikomo cha ukubwa. Katika Java aina ya `int` huishia 2,147,483,647. Jumla ikizidi hapo hugeuka hasi, na programu huomba nafasi isiyokuwepo. Mwaka 2006 Joshua Bloch alitangaza kwamba kosa hilo lilikuwamo katika maktaba rasmi ya Java kwa takriban miaka tisa. Programu ya Bentley, iliyothibitishwa kitabuni mwake, nayo ilikuwa nalo. Halikuonekana mapema kwa kuwa huhitaji orodha yenye namba zaidi ya bilioni moja. Tiba yake ni kuandika `lo + (hi - lo) / 2`, na kauli thabiti haiguswi hata neno moja.