Euro 60 za Kisu cha Ovaloki

Dada yangu ni mshonaji Tanga. Mwaka jana kisu cha mashine yake ya ovaloki kilivunjika, na mafundi wote aliowauliza walimwambia mashine ile ni ya zamani, vipuri vyake haviletwi tena. Akakiona kisu chenyewe kwenye duka la mtandaoni la Ujerumani, euro 60 pamoja na gharama ya kukituma. Binamu yetu anaishi Hamburg na alikuwa anakuja likizo, kwa hiyo mpango ulikuwa rahisi: kisu kiende kwa binamu, binamu aje nacho kwenye begi. Dada akaingiza namba za kadi yake ya benki, akabonyeza kulipa, na kioo kikaandika neno moja: Declined.

Alijaribu tena. Akajaribu mara ya tatu. Kisha akanipigia simu. "Mdogo wangu, hii benki inanidharau. Pesa zipo, nimeziangalia sasa hivi."

Nilimuuliza jambo moja kabla ya yote: je, benki ilimtumia meseji yoyote? Hakupata hata moja. Swali hilo dogo linafungua nusu ya fumbo, kwa sababu malipo ya kadi hupita milango miwili. Wa kwanza ni wa duka lenyewe na kampuni inayolichakatia malipo. Wa pili ni wa benki iliyotoa kadi. Mlango wowote ukifungwa, mnunuzi huona neno lile lile kwenye kioo, ila aliyefunga si yule yule. Benki nyingi hutuma meseji kadi ikikataliwa kwao. Usipoona meseji, piga namba ya huduma kwa wateja iliyo nyuma ya kadi uulize kama wanaliona jaribio lako la dakika fulani, la kiasi fulani. Wakisema hawalioni kabisa, acha kugombana na benki. Ombi halijawafikia.

Benki ya dada haikuona kitu. Duka ndilo lililomfungia, na sababu ilikuwa kwenye fomu aliyoijaza. Fomu za namna hiyo huwa na anwani mbili: ya kupelekewa mzigo na ya mwenye kadi, ambayo kwenye kioo huitwa Billing address. Katikati kuna kisanduku kidogo kinachosema anwani hizo mbili ni moja, nacho mara nyingi huwa kimeshawekwa alama kabla hujafika. Dada alikiacha. Kwa duka, mwenye kadi akawa mkazi wa Hamburg, ilhali tarakimu za mwanzo za kadi hutaja benki iliyoitoa na nchi yake, na hiyo ilikuwa Tanzania. Programu ya kunasa wezi ikaona kadi ya Tanzania, mtu wa Hamburg, na simu iliyokuwa Tanga. Mwizi wa namba za kadi hufanana na hivyo hivyo.

Tulitoa alama kwenye kisanduku, tukaandika anwani ya Hamburg kwenye mzigo na anwani ya Tanga kwenye kadi, kama ilivyoandikwa benki, sanduku la posta na yote. Fomu nyingine hudai msimbo wa posta, nao watu wetu wengi huubuni. Ni bora kuutafuta ulio wa kweli. Na kama simu yako ina VPN, izime kwanza, maana inaliambia duka kwamba uko nchi ambayo haupo.

Mara hii meseji ilikuja, na ilikuwa ya kukataliwa. Nilifurahi, dada hakuelewa nafurahia nini. Ombi lilikuwa limefika benki, na sasa tulijua wa kumuuliza. Ikawa kwamba kadi yake ilikuwa imefungiwa manunuzi ya mtandaoni tangu siku aliyopewa. Baadhi ya benki hufanya hivyo kwa usalama: kadi inatoa pesa kwenye mashine na kulipa dukani, lakini haifanyi kazi mtandaoni au nje ya nchi mpaka mwenyewe aombe ifunguliwe. Zipo zinazokuruhusu kuifungua mwenyewe kwenye programu ya simu, na zipo zinazokutaka uende tawini kujaza fomu. Ukifungua, uliza papo hapo kiwango cha juu cha kulipa kwa siku, kwa sababu nacho hukataa malipo hata salio likiwa kubwa. Uliza pia namba ya uthibitisho inatumwa kwenye simu ipi. Nimewaona watu waliobadilisha laini miaka mitatu iliyopita, na benki bado inatuma namba hizo kwenye laini iliyokufa.

Kosa moja la dada nalirudia hapa kwa sababu wengi hulifanya: kujaribu mara tatu mfululizo. Majaribio ya haraka haraka ndiyo tabia ya mwizi anayepima namba alizoiba, na kadi inaweza kufungwa kabisa kwa ajili hiyo. Ikikataliwa mara mbili, simama utafute sababu.

Basi kadi ikafunguliwa, tukarudi dukani, na hapo ndipo penye pesa. Kabla ya kuthibitisha, ukurasa ulituonyesha bei mbili. Moja ilikuwa euro 60. Nyingine ilikuwa ya shilingi, imewekewa rangi ya kijani na alama ya vema, na maneno ya kirafiki kwamba kiasi hicho hakitabadilika. Dada alitaka ya shilingi. "Hii naielewa. Ya euro nitajuaje watanikata kiasi gani?"

Tarakimu zile zile za mwanzo zilizomponza mlangoni ndizo zilizoliambia duka kwamba kadi inadaiwa kwa shilingi. Shilingi za kijani ni biashara ndani ya biashara: duka, pamoja na kampuni inayolichakatia malipo, linajitolea kubadilisha fedha badala ya Visa au Mastercard, kwa bei linayoipanga lenyewe, na faida wanagawana. Watu wa benki huiita kwa herufi tatu, DCC. Ukikataa, Visa au Mastercard ndiyo inayobadilisha, kwa bei ambayo kwa kawaida iko karibu sana na ya soko. Kanuni za kampuni hizo zinadai mnunuzi aonyeshwe bei zote mbili na aachiwe achague. Hazikatazi kuipaka rangi ile yenye faida.

Tuhesabu. Ili tarakimu zisitusumbue, tuseme euro 1 sokoni ni shilingi 3,000, hivyo kisu ni shilingi 180,000. Tukilipa kwa euro, mtandao wa kadi unabadilisha kwa, tuseme, 3,020, inakuwa 181,200. Benki inaongeza ada yake ya malipo ya nje. Tuiweke asilimia 3, yaani shilingi 5,436. Jumla 186,636.

Tukilipa kwa shilingi za duka, tuseme wameongeza asilimia 7 juu ya bei ya soko. Hiyo ni 192,600. Dada alidhani hapo ndipo mwisho, kwa kuwa shilingi ni shilingi. Lakini benki nyingi hutoza ada ya malipo ya nje kwa kuangalia duka liko nchi gani, hata kama sarafu ni ya nyumbani. Ada ya asilimia 3 ikidondoka juu yake ni 5,778, na jumla inafika 198,378. Karibu shilingi 12,000 zaidi kwa kisu kile kile. Mwenye akaunti ya dola huumia zaidi akibofya shilingi bila kufikiri: duka linabadilisha euro kuwa shilingi kwa bei yake, kisha benki inabadilisha shilingi kuwa dola kwa bei yake.

Kwa hiyo chagua sarafu ya duka. Swali la dada lakini lilikuwa la haki, maana utajuaje kabla? Visa na Mastercard kila mmoja ana kikokotoo kwenye tovuti yake. Unaingiza sarafu ya duka, sarafu ya kadi yako na tarehe, na cha Visa kina nafasi ya kuandika asilimia ya benki yako. Asilimia hiyo iko kwenye orodha ya makato ya benki, na mara nyingi inabandikwa ukutani tawini, mahali ambapo hakuna anayeisoma.

Wanaokwenda Dubai kuchukua mzigo wanakutana na swali lile lile kwenye mashine ya kutolea pesa, na pale hutisha zaidi kwa sababu kitufe sahihi kinasomeka Decline conversion. Wengi hudhani watanyimwa pesa. Sivyo. Kitufe hicho kinakataa bei ya mashine tu, na dirhamu zako zinatoka kama kawaida. PayPal nayo hubadilisha fedha yenyewe usipoiambia vingine. Kwenye hatua ya kulipa, sehemu ya ubadilishaji wa fedha, unaweza kuiagiza iache kazi hiyo kwa mtoaji wa kadi.

Wenye kadi za kwenye simu, kama zile za M-Pesa zinazofanya kazi na Visa, wao hukwama zaidi kwenye salio. Kadi ya namna hiyo haina akiba nyuma yake. Ukiweka 181,200 kamili kwa ajili ya kisu, ada inakosa pa kukaa na malipo yanakataliwa. Acha nafasi ya asilimia 5 hivi juu ya hesabu yako.

Tulibofya euro. Meseji ya benki ilikuja na kiasi kimoja, na siku tatu baadaye taarifa ya akaunti ikaonyesha kingine, tofauti ya shilingi mia kadhaa. Dada akataka kwenda tawini. Nilimweleza kwamba siku ya kununua benki hushikilia pesa tu, na zinaondoka duka linapoleta dai lake, kwa bei ya siku ya dai. Ndiyo sababu pia malipo yaliyoshindikana wakati mwingine yanapunguza salio. Pesa zimeshikwa, hazijachukuliwa, na zinaachiliwa baada ya siku kadhaa. Zikizidi siku kumi, hapo nenda tawini, na karatasi ya tarehe na kiasi mkononi.

Kisu kilifika na begi la binamu. Kilikuwa kirefu kwa milimita mbili. Dada alikuwa ameagiza namba ya mashine jirani. Binamu alikirudisha aliporejea Hamburg, na duka likarudisha euro 60 kamili. Kwenye akaunti ya dada ziliingia kwa bei ya siku hiyo, na ada ya benki haikurudi. Akanionyesha simu: zilikuwa zimepungua shilingi elfu nane na ushee. Safari hii, kabla ya kuagiza, alikipima kwanza kisu cha zamani kwa rula.