Kupita Mti wa Matawi Mawili kwa Nyuzi

Katika mti wa matawi mawili, kila nodi hubeba thamani na viungo viwili, cha kushoto na cha kulia. Viungo hivyo vyote hushuka. Programu inayosoma mti kwa mfuatano, yaani upande wa kushoto kwanza, kisha nodi yenyewe, kisha upande wa kulia, ikifika chini haina njia ya kupanda. Kwa kawaida hutumia fungisheni inayojiita yenyewe, au huweka pembeni orodha ya nodi zinazosubiri zamu. Zote mbili hula kumbukumbu: mti wa nodi milioni moja ulioinamia kushoto mtupu huzaa orodha ya milioni moja.

Kumbe nafasi ya kuandika njia ya kurudi imo ndani ya mti. Mti wa nodi 5 una viungo 10, na kwa kuwa kila nodi isipokuwa mzizi huelekezwa na kiungo kimoja tu, vinavyotumika ni 4. Vingine 6 ni vitupu. Mwaka 1960 A. J. Perlis na C. Thornton walieleza namna ya kuvijaza kwa nyuzi, yaani viungo vinavyoelekeza nodi ya jirani katika mfuatano. Mwaka 1979 Joseph Morris akaonyesha kwamba uzi waweza kufungwa safarini na kufunguliwa ukishatumika.

Tuseme mzizi ni 40, kushoto kwake 20, kulia 60. Chini ya 20 kuna 10 na 30. Programu ikiwa kwenye 40 huingia kushoto, kisha hushika kulia hadi mwisho, ikafika 30. Kiungo cha kulia cha 30 ni kitupu, hivyo hufungwa uzi wa kurudi 40. Inahamia 20, na vivyo hivyo 10 inafungwa kwa 20. Nodi 10 haina kushoto: inasomwa, na uzi unairudisha programu 20. Hapo inamtafuta tena mtangulizi wa 20, inakuta 10 tayari imeelekezwa kwa 20. Hiyo ndiyo dalili kwamba kushoto kumeisha. Uzi unafutwa, 20 inasomwa, kisha 30. Uzi wa 30 unaipeleka 40, nao unafutwa. Zinabaki 40 na 60.

Siri iko kwa mtangulizi. Nodi yenye tawi la kushoto hutanguliwa na nodi ya kulia kabisa katika tawi hilo, ambayo kwa maana hiyohiyo haina mtoto wa kulia. Nafasi haikosekani, na hakuna nodi mbili zinazoigombania. Utafutaji nao hauelemei, kwani kila kiungo cha kulia hupitiwa mara mbili tu kwa ajili hiyo.

Hatari ni kwamba mti hubadilishwa wakati wa kusomwa. Programu ikisimama katikati, nyuzi hubaki, na msomaji wa kawaida anayekuja baadaye, au anayesoma wakati huohuo, atatoka 30 kurudi 40 na kuzunguka bila mwisho.