Swali Likidai Sababu, Tafsiri Nayo Idai Sababu

Mwalimu wa baiolojia akileta jaribio lake la Kiingereza ligeuzwe Kiswahili, watafsiri wengi huanza na maswali na kuacha mwongozo wa usahihishaji mwishoni. Mimi huanza na mwongozo, kwani ndio unaoonyesha kila swali linadai nini.

Chukua maswali matatu kuhusu mishipa ya damu. La kwanza linamtaka mwanafunzi aseme ukuta wa ateri ulivyo. La pili linataka sababu ya ukuta huo kuwa mnene kuliko wa vena. La tatu linataka mishipa hiyo miwili itazamwe kwa pamoja. Katika Kiingereza kila kazi ina kitenzi chake, lakini kwenye tafsiri yote matatu huishia kuwa "eleza".

Hapo ndipo mwanafunzi anapoumia. Ameandika kwamba ukuta wa ateri ni mnene, una misuli na nyuzi zinazonyumbuka. Kwa swali la kwanza hilo ni jibu kamili. Akilirudia kwenye la pili hapati kitu, maana mwongozo unatoa alama 1 kwa kusema damu hutoka moyoni kwa shinikizo kubwa, na alama 1 nyingine kwa kusema ukuta mwembamba usingelihimili. Aliyeulizwa "Eleza kuhusu ukuta wa ateri" angejuaje kwamba anadaiwa sababu? Kwa hiyo la kwanza naliandika "Elezea muundo wa ukuta wa ateri", la pili "Fafanua kwa nini ukuta wa ateri ni mnene kuliko wa vena". Hayo maneno "kwa nini" yana uzito kuliko kitenzi chenyewe, na sipendi kuyaacha.

Swali la tatu lina alama 4, na kila alama inadai pande zote mbili. "Vena ina vali" halitoshi. Lazima aongeze kwamba ateri haina vali katika urefu wake. Mwongozo pia unakubali mfanano, kwamba kuta za zote mbili zina tabaka tatu, kwa hiyo kitenzi sahihi ni "linganisha". Ungekubali tofauti pekee, ningeandika "tofautisha".

Mwongozo nao una mitego yake. Alama ya mkwaju kati ya majibu mawili humaanisha lolote kati yake linakubalika. Ukiigeuza "na", umemdai mwanafunzi mara mbili kwa alama ileile. Tena, mwongozo wa Kiswahili uorodheshe maneno ambayo wanafunzi watayaandika kweli: palipo na "shinikizo", "presha" ikubaliwe pia, kama mwalimu ameridhia.

Tafsiri ikiisha, mpe mwalimu mwingine asiyeiona karatasi ya Kiingereza ajibu maswali, kisha umsahihishe kwa mwongozo uliotafsiri. Akikosa alama kwenye jambo analolijua vizuri, rudi ukaangalie kitenzi cha swali hilo kabla ya kugusa kitu kingine.