Harufu ya Kuvu, Harufu ya Dagaa na Hatari ya Mashine za Ozoni

Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na chumba cha wageni kilichofungwa siku chache hunuka kuvu kabla mgeni hajatua begi lake. Wilayani Muleba, kwa wanaohifadhi magunia ya dagaa kutoka visiwani, huongezeka harufu nyingine iliyo nzito zaidi. Mwenye chumba cha namna hiyo akitafuta dawa mtandaoni, hukutana na mashine ndogo ya ozoni inayodaiwa kumaliza harufu zote kwa nusu saa.

Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Hewa yake ni takriban mita za ujazo 32. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ozoni isizidi mikrogramu 100 katika kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa 8. Kwa chumba chote hicho, ni kama miligramu 3 tu. Mashine iliyoandikwa 10,000 mg/h hutoa karibu miligramu 3 kila sekunde. Mwashaji hufikisha hewa ya chumba kwenye kiwango hicho kabla hajaufikia mlango.

Muuzaji husema ozoni ni oksijeni iliyoongezewa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo tatizo lenyewe, kwa kuwa huunguza utando wa njia za hewa kama inavyounguza kitu kingine chochote. Katika kiwango ambacho mapafu yanaweza kukivumilia, ozoni huondoa harufu kidogo mno. Katika kiwango kikubwa huvunja baadhi ya harufu, lakini pia hudumaza pua, na mwenye chumba hudhani hewa imesafika. Kuvu iliyomo ndani ya lipu hubaki palepale. Ikiwa sakafu imepigwa deki kwa sabuni yenye manukato ya limau au msonobari, ozoni huungana na manukato hayo na kuzalisha fomalidehidi.

Mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa mwenye kikohozi kikavu, kifua kinachochoma na pumu iliyoamka ghafla, amuulize amelala wapi na kama chumbani palikuwa na harufu kali kama ya mashine ya fotokopi inayofanya kazi. Mgonjwa aondolewe kwenye hewa hiyo na apewe salbutamoli ikiwa kifua kinabana. Aliyevuta ozoni nyingi asiruhusiwe kuondoka haraka, kwa maana maji yanaweza kujaa katika mapafu saa kadhaa baadaye.

Kifaa chenye kichujio cha HEPA ni kitu tofauti kabisa. Hunasa vumbi, moshi na mbegu za kuvu zinazoelea, kwa hiyo humfaa mwenye pumu. Ila harufu ni gesi, nayo hupita. Gesi hunaswa na mkaa amilifu, yaani mkaa uliotobolewa vitundu vidogo mno hata gramu 1 ikawa na uso wa zaidi ya mita za mraba 500. Mkaa wa jikoni uliowekwa kwenye bakuli haukaribii uwezo huo. Hata mkaa amilifu hujaa: kitambaa chembamba chenye gramu chache tu, kama kilivyo katika vifaa vingi vya bei nafuu, chaweza kuchoka ndani ya siku chache, na unyevu wa Bukoba huchukua sehemu ya vitundu hivyo. Kuuanika juani hakuurudishii uwezo wake, maana huhitaji joto la mamia ya nyuzi. Anayenunua aangalie uzito wa mkaa. Kilo moja au zaidi ndiyo yenye maana. Harufu ikirudi, mkaa umejaa.

Harufu ya dagaa ina ugumu wake. Inatokana na amini, jamii ya amonia, ambazo mkaa wa kawaida huzinasa kwa udhaifu. Hapo siki au ndimu hushinda mashine, kwa kuwa asidi huzigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani. Sakafu na rafu zioshwe kwa sabuni, zisuuzwe, kisha zipanguswe kwa siki iliyochanganywa na maji. Siki isichanganywe kamwe na jiki, maana hutoa gesi ya klorini. Magunia nayo yahamishiwe nje ya nyumba ya kulala, la sivyo kazi itarudiwa kila wiki.

Kwa kuvu, kinachotafutwa ni njia ya maji: bati linalovuja, ufa wa ukuta, maji ya paa yanayorudi kwenye msingi. Godoro lililolowa likaota kuvu litupwe. Dirisha lifunguliwe saa za jua, na kitanda kisogezwe mbali na ukuta.

Wapo wanaoamini kwamba kifaa cha kusafisha hewa chaweza kuwalinda wakilala na jiko la mkaa ndani. Kaboni monoksaidi haina harufu, haizuiliwi na HEPA, wala mkaa amilifu hauinasi. Jiko hilo litolewe nje.