Tumbo Linaumaje?

Kijana wa miaka 19 anaingia chumba cha daktari akiwa ameinama, mkono umeshika tumbo. Mama yake yuko nyuma, kabeba daftari la kliniki.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Unasumbuliwa na nini?"

Mama ndiye anayejibu. "Tumbo, daktari. Tumbo linamuuma tangu jana."

Hapo daktari bado hajapata kitu cha kushika. Tumboni mna utumbo, ini, nyongo, kongosho, figo na kibofu, na kwa mwanamke mna mji wa mimba na mirija yake. Vyote hivyo vikiugua, mtu husema tumbo linauma. Neno kuuma halibagui: jino linauma, kidole kilichobanwa na mlango kinauma, na jipu nalo linauma. Kwa hiyo daktari anamgeukia kijana mwenyewe na kumwuliza lilianzia wapi na linaumaje.

"Jana jioni lilianza hapa kitovuni," kijana anasema. "Lilikuwa linauma kwa ndani tu, hata sijui nionyeshe wapi hasa. Chakula sikukitaka, nikatapika mara moja. Usiku wa manane likahamia hapa chini, kulia. Sasa linachoma."

"Ukikohoa?"

"Linachoma zaidi. Tulipokuwa kwenye bajaji, kila tuta nililisikia hapahapa."

Sasa daktari ana la kufuata, na kijana hajataja jina la ugonjwa hata mara moja. Ametoa mambo matatu: maumivu yalianzia kitovuni, yakahamia chini kulia, na yalibadilika aina, kutoka kuuma kwa ndani hadi kuchoma. Daktari akisikia hivyo, la kwanza analofikiria ni kidole tumbo, kile kifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, ambacho kikivimba na kuoza huweza kupasuka.

Mabadiliko hayo yana sababu yake mwilini. Viungo vya ndani havina mishipa ya fahamu ya kuonyesha mahali kama ngozi ilivyo nayo. Taarifa ya kidole tumbo hupanda hadi uti wa mgongo na kuingilia mahali pale pale inapoingilia taarifa ya ngozi ya kitovuni, na ubongo ukadhani kitovu ndicho kinachouma. Ndiyo maana mwanzoni mgonjwa hupapasa tumbo kwa kiganja kizima. Baada ya saa kadhaa uvimbe hufika kwenye utando uliotanda ndani ya ukuta wa tumbo. Utando huo, tofauti na kiungo chenyewe, unajua mahali pake barabara. Hapo mgonjwa huacha kiganja, akaonyesha kwa kidole kimoja, na kila mtikisiko humchoma kwa sababu utando unaguswa.

Lile la matuta nalo limepimwa. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwauliza wagonjwa kama waliumia gari lilipopita matuta wakienda hospitali. Karibu wote waliothibitika kuwa na kidole tumbo walijibu ndiyo. Lakini hata baadhi ya wasiokuwa nacho waliumia, kwa hiyo tuta peke yake halitoshi kumpeleka mtu chumba cha upasuaji. Tena si kila kidole tumbo hufuata njia hii. Kwa watoto wadogo, wazee na wajawazito maumivu huweza kukaa pengine kabisa.

Kuna neno jingine ambalo kijana huyu hakulitumia, na kutolitumia kwake kulimsaidia daktari pia. Hakusema linasokota. Kusokota ni kazi ya msuka kamba: unaviringa, unakaza, unaachia, unaviringa tena. Mirija ya mwilini hufanya vivyo hivyo inapojaribu kusukuma kitu kisichopita kwa urahisi. Utumbo wa mwenye kuhara husokota, ukaachia, kisha ukaanza tena. Mrija unaotoka kwenye figo nao husokota jiwe linapokwama ndani yake, na maumivu huanzia ubavuni upande wa mgongo, yakateremka hadi kinenani. Mwenye jiwe hatulii. Huinuka, hukaa, hugaagaa kitandani akitafuta namna ya kulala na asiipate. Mwenye utando uliovimba hulala kimya na kukunja magoti, kwa maana hata kujigeuza kunamchoma. Mgonjwa anayesema "linasokota na kuachia" au "linachoma na haliachii" amekwisha kuwatenga wagonjwa hao wawili kwa kitenzi kimoja. Na kama lilikuwa likisokota, kisha likawa haliachii tena, tumbo likawa gumu kama ubao na hata upepo hautoki, hilo si la kusubiri asubuhi.

Mwaka 1975 Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, alitoa dodoso la maumivu lenye maneno 78 katika makundi 20, kwa kuwa aliona kupima ukali pekee kunaacha nje aina ya maumivu. Sisi maneno tunayo midomoni: kuchoma, kukata, kusokota, kuvuta, kubana, kuwaka, kupwita, kufa ganzi. Nasikitika ninapoona mtu anayaacha mlangoni kwa daktari, akabaki na "naumwa".

Au akaingia na jina la ugonjwa. "Daktari, nina chango." Chango kwa mmoja ni maumivu ya hedhi, kwa mwingine ni minyoo, kwa mwingine ni mtoto mchanga anayelia usiku kwa tumbo. "Nina ngiri." Mmoja ana uvimbe kinenani unaojitokeza akikohoa, mwingine ana maumivu tu chini ya kitovu. "Vidonda vyangu vya tumbo vimeamka." Pengine kweli, pengine hakuna aliyewahi kuviona. Majina haya yasiachwe nyumbani, yana habari ndani yake, ila yafuatiwe na kitenzi, mahali na muda.

Na mahali penyewe pasemwe vizuri, hasa pale chini ya kidari, katikati, tunapopaita chembe cha moyo. Wengi hushika pale wakasema "moyo unaniuma". Mara nyingi ni kiungulia: panawaka, moto unapanda kooni na uchungu mdomoni, zaidi baada ya kula au ukilala chali. Pakichoma kama mwiba pembeni mwa kifua kila ukivuta pumzi, hicho ni kichomi, na daktari atasikiliza mapafu kwanza.

Cha kuogopa ni kubana. Moyo wenyewe ukikosa damu kwa kawaida hauchomi kama mwiba. Unabana, unalemea kama gunia lililowekwa kifuani, na huweza kusambaa hadi mkono wa kushoto, shingoni au kwenye taya, huku kijasho chembamba kikitoka. Wakati mwingine hukaa pale pale kwenye chembe cha moyo, pamoja na kichefuchefu, mtu akasema ni gesi, akanywa maji ya tangawizi na kulala. Mwenye kisukari na mzee huenda wasisikie maumivu makali kabisa, wakasema tu wamechoka ghafla na pumzi haitoshi. Mtu wa namna hii asitafute tena maneno ya kueleza. "Kifua kinabana, natoka jasho, kimeanza sasa hivi" yanatosha, na yasemwe mapokezini, kabla ya kuchukua namba ya foleni.