Programu Inapogoma Katikati: Soma Logi Kabla ya Kujaribu Tena

Mstari wa kijani unapita nusu, unasita, kisha unaanza kurudi ulikotoka. Mara linatokea dirisha dogo: usakinishaji umeshindikana, hitilafu 1603. Kwa wengi wetu hatua inayofuata ni kubofya faili lile lile upya, na safari hii labda mstari haufiki hata pale ulipofika mwanzo.

Namba 1603 haitaji ugonjwa. Windows Installer, yaani mtambo wa ndani ya Windows unaosakinisha mafaili yanayoishia na .msi, hutoa namba hiyo kwa karibu kila kosa lililoulazimisha kuacha kazi: folda iliyofungwa, huduma iliyokataa kuwaka, programu ndogo ya mtengenezaji iliyokufa njiani. Ni sawa na daktari kukwambia kwamba unaumwa. Sababu yenyewe imeandikwa kwingine, mradi uwe umeuagiza mtambo uiandike.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi linalohama kutoka toleo la zamani la programu yake ya hesabu kwenda toleo jipya. Fundi amefungua dirisha la Services, akasimamisha huduma ya programu ya zamani, akaiondoa programu hiyo kwa njia ya kawaida, kisha akaanza kusakinisha mpya. Hapo ndipo 1603 inapochomoza. Dawa ya kwanza si kubofya tena bali kurudia zoezi huku kila hatua ikiandikwa. Unafungua Command Prompt kwa kuchagua Run as administrator, unatengeneza folda C:\Temp kama haipo (msiexec haitengenezi folda ya logi, na ikikosekana utapewa kosa 1622), kisha unaandika:

```
msiexec /i "C:\Temp\duka.msi" /L*v "C:\Temp\logi.txt"
```

Ile /L*v ndiyo inayoagiza kila kitu kiandikwe. Kama ulichonacho ni setup.exe tu, mara nyingi faili la .msi limo ndani yake. Liache setup.exe wazi kwenye ukurasa wake wa kwanza, kisha utafute .msi ndani ya folda ya %TEMP%.

Logi utakayoipata ina maelfu ya mistari, na anayeisoma kuanzia juu atachoka kabla ya kufika popote. Ifungue kwa Notepad, nenda mwanzo wa faili, bonyeza Ctrl+F, tafuta maneno haya: Return value 3. Mtambo huandika 1 pale hatua inapofaulu, 2 mtumiaji anapoghairi, na 3 hatua inaposhindwa. Tatu zinaweza kuwa kadhaa, kwa sababu hatua moja ikianguka huiangusha iliyoibeba. Inayokuhusu ni ile ya kwanza. (Kwenye Windows ya Kifaransa, kama zilivyo kompyuta nyingi za Bukavu na Bujumbura, maneno hayo hutafsiriwa. Huko tafuta 1603 halafu upande juu.)

Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi. Katika duka letu, mstari wa kwanza wenye tatu unasema hivi:

```
Action ended 10:41:18: InstallFinalize. Return value 3.
```

Mtu anakimbilia kutafuta maana ya InstallFinalize na hapati cha maana, kwa kuwa hilo ni jina la hatua ya jumla ambayo ndani yake kazi zote za kweli hutekelezwa. Mtambo kwanza hupanga orodha ya kazi, kisha huzifanya zote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo usiishie hapo. Panda juu mistari ishirini au thelathini, na upitishe macho kwenye mistari yenye maneno Executing op. Ile ya mwisho kabla mambo hayajaharibika ndiyo kazi iliyokuwa mkononi. Kwetu ni ServiceInstall, na chini yake pamekaa sentensi inayoanza na Error 1923: huduma haikuweza kusakinishwa, hakikisha una mamlaka ya kutosha.

Mamlaka? Fundi alikuwa administrator tangu mwanzo. Sentensi hiyo imeandikwa tayari ndani ya mtambo, nao huitoa kwa sababu zozote zile, kwa hiyo sehemu ya kuamini ni ile ya kwanza: tatizo liko kwenye huduma. Nusu ya pili ni kubahatisha tu. Muulize Windows mwenyewe habari za huduma hiyo. Andika sc.exe kwa ukamilifu, kwa kuwa ndani ya PowerShell ya kawaida sc peke yake ni amri nyingine kabisa inayoandika kwenye faili.

```
sc.exe query HudumaDuka
sc.exe delete HudumaDuka
```

Amri ya kwanza inaonyesha kwamba huduma ya programu iliyokwisha kuondolewa bado ipo, imesimama. Ya pili inakataa kwa namba 1072, yaani huduma imekwisha kuwekewa alama ya kufutwa. Sasa picha imekamilika. Programu ya zamani ilipoondolewa iliagiza huduma yake ifutwe, lakini Windows haifuti huduma ambayo bado kuna programu inayoishikilia, na aliyeishikilia alikuwa lile dirisha la Services ambalo fundi hakulifunga. Huduma ikabaki nusu hai: haiwashwi, haifutiki, na jina lake halichukuliki na mwingine.

Kusafisha kunaanzia hapo. Funga Services na Task Manager, kisha urudie amri ya query. Jibu unalolitaka ni 1060, kwamba huduma hiyo haipo. Ikiwa bado ipo, chagua Restart, si Shut down. Kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 zina Fast Startup, ambayo mtu anapozima huhifadhi hali ya ndani ya mfumo na kuirudisha vile vile anapowasha. Mtu anaapa kwamba amezima na kuwasha, na ni kweli, ila mabaki hayakuguswa.

Baada ya huduma, tazama folda. Mstari wa kijani unaporudi nyuma, mtambo huondoa ulichokiweka wenyewe. Mafaili ambayo programu ya zamani iliyaandika wakati wa kufanya kazi hayamo katika hesabu hiyo, nayo hubaki ndani ya Program Files na ProgramData. Iliyo Program Files ibadilishe jina badala ya kuifuta, mpaka mpya ithibitike. Iliyo ProgramData usiiguse kabla ya kuinakili kwenye diski nyingine, maana mara nyingi ndimo mauzo ya miaka yote yalimo.

Kama logi inalalamika kuhusu toleo la zamani lisiloondoka, tumia zana ya Microsoft iitwayo Program Install and Uninstall Troubleshooter kabla ya kuthubutu kuingia regedit. Na folda ya C:\Windows\Installer, iliyofichwa na inayoweza kula gigabaiti nyingi, si takataka. Mna nakala ambazo programu zako huzihitaji siku ya kurekebishwa au kuondolewa. Wapo wanaoifuta ili kupata nafasi, na miezi baadaye hakuna programu inayokubali kutoka wala kupandishwa toleo.

Ukikwama kabisa, usimpelekee mtengenezaji picha ya dirisha la 1603. Mpelekee logi nzima. Lakini kabla ya kuituma tafuta ndani yake neno password, kwa sababu logi ya aina hii inaweza kuandika nywila uliyoingiza wakati wa kusakinisha, wazi kabisa, na ukiikuta ifute kwanza.